Muundi Unaouma: Tulaumu Kiatu, Barabara au Kilomita?

Kila Desemba na Januari vikundi vya jogingi vya Dar es Salaam hupokea sura mpya. Wengi wamejiandikisha kwa Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na wanataka kuimaliza nusu marathoni, yaani kilomita 21 na ushee. Wiki mbili za mwanzo zinawapa kichwa: pumzi inafunguka, uzito unapungua kidogo, picha zinapigwa Daraja la Tanzanite jua likichomoza. Kisha, kati ya wiki ya tatu na ya sita, lalamiko moja linaanza kuzunguka kundini. Mguu unauma chini ya goti, upande wa ndani, juu ya mfupa wenyewe.

Ushauri hutolewa papo hapo. Mmoja anasema ni raba za mtumba, nunua mpya. Mwingine anasema ni lami, hamia kwenye mchanga wa Coco Beach. Watu wachache sana huuliza swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: mwezi uliopita ulikuwa unakimbia kilomita ngapi, na sasa unakimbia ngapi?

Kabla ya kumtafuta mkosaji, tuyaweke maumivu yenyewe mahali pake. Kaa, kunja goti, kisha pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa muundi, pale mfupa unapokutana na shavu la mguu. Anza juu kidogo ya kifundo na upande taratibu. Mwenye tatizo tunalolizungumzia atasikia uchungu katika mstari mrefu, sentimita 5 au zaidi, mara nyingi katika theluthi mbili za chini za mfupa. Akianza kukimbia panauma, akipata joto panatulia, akimaliza au akiamka asubuhi panauma tena. Kadiri siku zinavyopita, ile nafuu ya katikati ya mbio inafupika mpaka inatoweka kabisa.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ni utando unaofunika mfupa ndio unaovutwa na misuli na kuvimba. Huenda mvutano huo unachangia, lakini ushahidi mwingi siku hizi unaelekeza kwenye mfupa wenyewe. Watafiti wa Sweden walipowapima wanamichezo waliougua kwa muda mrefu, walikuta muundi umepungua uzito wa madini pale pale panapouma. Walipowapima tena baada ya kupona, madini yalikuwa yamerudi.

Kwa nini mfupa upungue kwa mtu anayefanya mazoezi? Si mazoezi huimarisha mifupa? Huimarisha, lakini kwa utaratibu wake. Kila unapotua, muundi unapinda kiasi kidogo kisichoonekana kwa macho, na kupinda huko kukirudiwa maelfu ya mara huacha nyufa ndogo mno. Mwili huzikarabati kama mafundi wa barabara wanavyoziba shimo: kwanza wanachimba na kuondoa kilichoharibika, ndipo wanajaza upya. Seli zinazochimba humaliza kazi yao katika wiki tatu hivi. Seli zinazojaza huchukua miezi mitatu au zaidi kuweka mfupa mpya na kuupa madini ya kutosha. Katikati hapo kuna kipindi ambacho mfupa una mashimo mengi kuliko ulivyokuwa siku ulipoanza mazoezi.

Ndiyo maana maumivu hayaji wiki ya kwanza. Yanakuja ukiwa ndiyo kwanza umeanza kujiona mkimbiaji. Moyo na mapafu hujirekebisha ndani ya wiki chache, misuli hufuata, na vyote viwili vinakwambia ongeza. Mfupa uko nyuma yao kwa miezi.

Tumchukue mkimbiaji wa mfano, karani wa miaka 34 ambaye hajakimbia tangu shule. Wiki ya kwanza anakimbia mara tatu, kilomita 3 kila mara, jumla kilomita 9. Wiki ya pili anafika 12. Wiki ya tatu anajiunga na kundi, na Jumamosi anakwenda nao kilomita 8, kwa hiyo jumla inakuwa 19. Wiki ya nne Jumamosi ni kilomita 12, na jumla ni 27. Kwa mwendo wake anapiga hatua kama 1,200 kwa kilomita, yaani kila mguu unatua mara 600. Wiki ya kwanza kila muundi ulipokea mapigo 5,400, na wiki ya nne ulipokea 16,200. Mzigo umezidi mara tatu katika siku ambazo mfupa wake ulikuwa bado unachimbwa.

Jumamosi hiyo ya nne anasikia uchungu mwanzoni, unapotea, anamaliza na wenzake. Wiki ya tano uchungu unabaki baada ya mbio, na kushuka ngazi za ofisini kunamkumbusha. Ananunua raba mpya za bei kubwa. Wiki hiyo hiyo anasafiri kikazi na kwa siku nane hakimbii. Akirudi, anavaa raba mpya, mguu hauumi, na anawatangazia wenzake kwamba tatizo lilikuwa viatu. Anarejea kwenye kilomita 27, na ndani ya wiki mbili uchungu umerudi. Kilichompa nafuu kilikuwa zile siku nane za kupumzika, lakini sifa zilikwenda kwa kiatu kwa sababu ndicho kilichoonekana. Nadhani imani nyingi kuhusu viatu miongoni mwa wakimbiaji zimezaliwa hivi.

Ushahidi ulio bora kuhusu kilomita umetoka jeshini, kwa sababu jeshini unaweza kupunguza mbio za mamia ya watu kwa amri moja. Kuruti ni mkimbiaji mpya hasa: jana alikuwa mtaani, leo anakimbizwa. Katika Jeshi la Majini la Australia, makuruti 124 walifuatiliwa katika mafunzo ya wiki 10, na takriban theluthi moja walipata maumivu haya ya muundi. Kwa wanawake ilikuwa karibu nusu. Nchini Marekani, Kikosi cha Wanamaji kilijaribu kupunguza jumla ya mbio katika mafunzo ya wiki 12, kutoka kama kilomita 88 hadi kama 53. Mivunjiko midogo ya mifupa inayotokana na kurudia mzigo, ambayo ni ndugu mkali wa tatizo letu, ilipungua kwa zaidi ya nusu. Na mwishoni, walipopimwa mbio za maili tatu, waliokimbia kidogo walichelewa kwa takriban nusu dakika tu.

Hata hivyo tusiruke kutoka hapo hadi kwenye ile kanuni maarufu ya asilimia 10, inayosema usiongeze zaidi ya moja ya kumi kwa wiki. Ilijaribiwa mjini Groningen, Uholanzi, kwa wakimbiaji wapya zaidi ya 500 waliokuwa wakijiandaa kwa mbio za maili nne. Nusu walipewa ratiba ya polepole ya wiki 13 iliyofuata kanuni hiyo, nusu wakapewa ratiba ya kawaida ya wiki 8. Katika kila kundi mtu mmoja kati ya watano aliumia. Kanuni haikuwakinga.

Matokeo hayo yanawachanganya wengi, nami siyaoni kuwa yanaiachilia kilomita huru. Ratiba zote mbili zilikuwa za wastani, kwa hiyo jaribio halikumgusa mtu anayezidisha mara tatu kwa mwezi. Isitoshe, asilimia 10 haina maana kwa anayeanza na kilomita 9, maana nyongeza yake ni mita 900. Na jambo kubwa zaidi ni kwamba jumla ya wiki haisemi kila kitu. Kilomita 20 zilizogawanywa mara nne si sawa na kilomita 20 ambazo 12 kati yake zimebebwa Jumamosi moja.

Kuna sababu ya kimwili nyuma ya tofauti hiyo. Majaribio kwa panya yameonyesha kwamba seli zinazohisi mzigo ndani ya mfupa huchoka kusikia. Baada ya mapigo machache, makumi kadhaa hivi, zinaacha kujibu kwa nguvu, na zinahitaji saa kadhaa kurudisha usikivu wao. Mzigo ule ule ukikatwa vipande vyenye mapumziko katikati, mfupa unaojengwa ni imara zaidi. Kwa hiyo kilomita ya 9, ya 10 na ya 11 za Jumamosi zinaongeza nyufa bila kuongeza sana ujenzi. Vikundi vya jogingi vina raha zake, lakini mbio ndefu ya pamoja, ambapo mgeni anaona haya kurudi nyumbani mapema, ndiyo inayowaumiza wageni wengi.

Sasa tukirudi kwa kiatu. Wauzaji wamezoea kutazama unyayo wako na kukwambia: wewe una unyayo bapa, unahitaji kiatu cha kuzuia mguu usilale ndani. Ni kweli kwamba miguu inayolala sana ndani imehusishwa na maumivu ya muundi katika tafiti kadhaa. Lakini kumpa mtu kiatu kulingana na umbo la unyayo wake ni jambo jingine, na Jeshi la Marekani lililipima. Maelfu ya makuruti waligawanywa: wengine walipewa viatu vilivyochaguliwa kwa kutazama unyayo, wengine wakapewa aina moja ya kiatu bila kujali unyayo. Jaribio lilirudiwa katika jeshi la nchi kavu, la anga na Kikosi cha Wanamaji. Viwango vya kuumia havikutofautiana kwa namna ya maana.

Ulaini wa soli una utetezi kiasi. Huko Luxemburg wakimbiaji zaidi ya 800 walipewa viatu vinavyofanana kwa macho, baadhi vyenye soli laini zaidi na baadhi ngumu zaidi, bila kujua wana vipi. Waliovaa vigumu waliumia zaidi, na faida ya ulaini ilionekana hasa kwa watu wepesi, kinyume na tunavyodhani kwamba mnene ndiye anayehitaji soli nene. Hao lakini walikuwa wakimbiaji wa burudani wenye majeraha ya kila aina, si wageni wenye maumivu ya muundi peke yake.

Raba za mtumba nazo zisihukumiwe zote pamoja. Kinachoharibika ni sponji ya soli. Ibonyeze kwa kidole gumba kutoka upande: ikiwa ngumu na ina mikunjo iliyolala, imekwisha hata kama ngozi ya juu inang'aa. Kiweke kiatu mezani ukitazame kwa nyuma, na kama kimeegemea upande mmoja kiache, kwa sababu kimebeba mwendo wa mtu mwingine. Kisichoegemea na chenye sponji inayorudi kinafaa. La kuogopa zaidi ni kubadilisha ghafla, hasa kwenda kwenye viatu vyembamba visivyo na kisigino au kukimbia pekupeku kwa kuwa umesikia ndivyo walivyofanya wakubwa. Kisigino kikishuka, shavu la mguu linafanya kazi zaidi, na shavu la mguu ndilo linaloubana muundi.

Hilo la shavu la mguu ndilo linaloeleza pia kwa nini lami haina hatia kubwa kama inavyosemwa. Mguu unapotua, ardhi inausukuma kwa nguvu ya mara mbili na nusu hivi ya uzito wa mwili. Lakini mfupa wa muundi unabanwa kwa nguvu ya mara sita au zaidi, kwa sababu misuli ya nyuma inavuta kwa nguvu ili kukuinua na kukusukuma mbele. Sehemu kubwa ya mzigo inatoka ndani ya mguu wako mwenyewe. Ulainishe uso wa ardhi utakavyo, misuli itaendelea kuvuta.

Tena mwili haupokei uso wa ardhi kimyakimya. Wanasayansi wa Marekani walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba mkimbiaji akitoka kwenye uso laini kwenda mgumu, anaulegeza mguu wake tangu hatua ya kwanza. Akienda kwenye laini, anaukaza. Tofauti unayoiona kati ya lami na udongo kwa hiyo inapungua sana kabla ya kufika kwenye mfupa. Watu hupenda kuwataja wakimbiaji wa Iten na barabara zao za udongo mwekundu. Wanasahau kwamba wengi wa wakimbiaji hao wamebeba miguu yao kwenye milima tangu utotoni, na mifupa yao imepata miaka ya kujengwa.

Na ule ushauri wa Coco Beach? Mchanga mkavu unaipa misuli ya shavu kazi kubwa kuliko lami, kwa sababu kisigino kinazama kila unaposukuma. Mchanga mbichi ulio karibu na maji ni mgumu zaidi lakini umeinama kuelekea baharini, kwa hiyo mguu mmoja unalala ndani kilomita nzima. Mtu mwenye muundi unaouma akihamia huko kama tiba, mara nyingi anajiongezea. Njia ya udongo ulioshindiliwa, tambarare, ni nzuri, ila usitarajie ikuponye.

Tuhukumu basi. Mkosaji mkuu kwa mkimbiaji mpya ni kasi ya kuongeza mzigo kabla mfupa haujajengwa, na mzigo maana yake ni umbali wa wiki, urefu wa mbio moja, na mwendo. Kiatu na uso wa ardhi ni washiriki wadogo, na huwa wakubwa pale tu vinapobadilika ghafla. Aliyewahi kuugua ana nafasi kubwa zaidi ya kuugua tena, na mwanamke ana nafasi kubwa kuliko mwanamume. Mwanamke ambaye siku zake zimekatika tangu aanze kukimbia na kupunguza chakula asilisubiri hilo lipite. Mwili usiopata chakula cha kutosha hauna cha kujazia mfupa, na hapo daktari anahitajika kuliko kocha.

Karani wetu afanye nini? Aache kukimbia mpaka aweze kutembea kwa kasi dakika 30 bila uchungu, leo na kesho yake asubuhi. Kwa aliyewahi kusikiliza mwili mapema hiyo inaweza kuwa wiki mbili au tatu, kwa aliyeburuza mguu miezi ni zaidi. Wakati huo baiskeli na kuogelea ni ruksa, kwa kuwa havimpigi mfupa. Barafu inapunguza uchungu na haifanyi zaidi ya hapo. Kuchua misuli ya shavu kunastarehesha, ila asiuchue mfupa unaouma kwa nguvu. Diklofenaki kabla ya mbio ni kosa, maana inazima taarifa anayoihitaji.

Sambamba na hayo aimarishe shavu la mguu: asimame ainue visigino mara 15, seti tatu, siku moja baada ya nyingine, goti likiwa limenyooka kisha likiwa limekunjwa kidogo. Akiweza kwa miguu miwili bila shida, ahamie mguu mmoja.

Akirudi barabarani, akimbie dakika moja na kutembea moja, kwa dakika 20, mara tatu kwa wiki na siku ya kupumzika katikati. Kila hatua aikae wiki mbili kabla ya kuongeza dakika za kukimbia. Hatua zake ziwe fupi na za haraka kidogo kuliko alivyozoea, mguu utue karibu na mwili badala ya kuutupa mbele, kwa sababu hatua ndefu inaupinda muundi zaidi. Umbali uongezeke kwanza, mwendo wa kasi uje mwisho. Uchungu ukipanda katikati ya mbio au ukiwepo asubuhi inayofuata, arudi hatua moja. Asishangae ikichukua muda: katika jaribio moja la Uholanzi kwa wanamichezo wenye tatizo hili, ilichukua kwa wastani zaidi ya siku 100 kufikia kukimbia dakika 18 mfululizo, na soksi za kubana au mazoezi ya ziada havikuharakisha chochote.

Kuna maumivu ambayo ratiba hii haiyahusu. Kidole gumba kikikuta uchungu mkali katika nukta moja ndogo badala ya mstari, au mguu ukiuma usiku kitandani, au ukishindwa kurukaruka kwa mguu huo, shuku mfupa umeanza kuvunjika. Ukali zaidi ni nukta iliyo mbele, katikati ya muundi, kwa sababu mivunjiko ya hapo hupona kwa shida. Eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu, kwa hiyo picha safi isikutulize kama dalili zipo. MRI ndiyo inayoona mapema, na isipopatikana, kaa bila kukimbia na upigwe eksirei tena baada ya wiki mbili au tatu. Mguu unaokaza na kufa ganzi kila ukikimbia, kisha ukatulia dakika chache ukisimama, una tatizo jingine la misuli kubanwa. Na shavu lililovimba, lenye joto, linalouma hata ukiwa umekaa, ni la kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda ni damu iliyoganda.

Kwa wanaotazama Moshi, hesabu ni rahisi. Mfupa unahitaji miezi mitatu hadi minne kumaliza mzunguko wake mmoja wa kuchimba na kujaza, na kutoka Krismasi hadi siku ya mbio ni wiki tisa au kumi. Aliyeanza kukimbia Juni au Julai na akapanda taratibu anaweza kuzikabili kilomita 21. Anayeanza Desemba ajiandikishe zile kilomita 5, ambazo nazo zipo siku hiyo hiyo, na hizo 21 aziache mpaka mwaka unaofuata.